Faili tupu si kufuli, jamani

Haya wasomaji, leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie. Wiki iliyopita kijana mmoja alinionyesha skripti yake ya kulipa watu pesa kwa simu. Inaendeshwa na `cron` kila dakika 5. Nikamuuliza, "Na ikichelewa, ile ya pili ikaanza kabla ya kwanza kumaliza?" Akatabasamu akasema, "Hiyo nimeitunza, bro, kuna faili la kufuli." Akanifungulia, nami nikaona mistari hii:

```
if [ -f /opt/maziwa/malipo.lock ]; then
  exit
fi
touch /opt/maziwa/malipo.lock
php /opt/maziwa/lipa.php
rm /opt/maziwa/malipo.lock
```

Majina ya mafaili nimeweka ya kwangu, kwa sababu skripti hii naijua. Niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, na ikaniaibisha mbele ya watu wazima. Kila mwaka naikuta tena kwa mtu mwingine. Msimamo wangu ni huu: mistari hiyo si kufuli. Ni tangazo kwamba mlango umefungwa, lililobandikwa kwenye mlango ulio wazi. Tuache kuifundishana.

Nianze na hasara, ili mjue siongei kinadharia.

Nilikuwa nikihudumia chama kimoja cha wafugaji wa maziwa, sitakitaja jina. Wakulima 640. Mkulima aliweza kuomba sehemu ya pesa zake kabla ya mwisho wa mwezi, na `lipa.php` ilizituma kwa simu. Kazi yake ilikuwa rahisi: isome orodha ya wote ambao hawajalipwa, itume malipo moja baada ya jingine, na baada ya kila malipo iandike "imelipwa" kwenye hifadhidata. Siku ya kawaida maombi yalikuwa 20 hivi, kila moja likichukua sekunde 2. Sekunde 40, kazi imekwisha. `cron` ikirudi baada ya dakika 5 inakuta uwanja mtupu. Wakati huo sikuwa na kufuli lolote, la kweli wala la uongo.

Kisha ikafika siku ya kulipa wote. 640 mara sekunde 2 ni sekunde 1,280, yaani dakika 21 na ushee. Lakini `cron` haijui hayo. `cron` haiulizi kama ile kazi ya mwanzo imekwisha. Dakika ikifika, inaanzisha nyingine.

Fuateni saa polepole. Saa 12:00 jioni ya kwanza ikaanza, ikasoma majina 640. Saa 12:05 ilikuwa imelipa watu 150. Hapo ya pili ikaamka, ikauliza hifadhidata nani hajalipwa, ikapewa majina 490, kuanzia mtu wa 151. Na ya kwanza pia, kwa orodha yake ya zamani, ilikuwa inamfikia mtu huyo huyo wa 151. Kutoka hapo zikaenda bega kwa bega kama ng'ombe wawili wa plau, kila mkulima akilipwa mara mbili. Saa 12:10 ya tatu ikaingia kwa mtu wa 301. Sasa kila mmoja analipwa mara tatu.

Akaunti ilikuwa na pesa za kutosha malipo kama 700 hivi, maana mweka hazina hakuacha nyingi za ziada. (Hesabu nazitoa kwa idadi ya malipo, ingawa kila mkulima alikuwa na kiasi chake.) Dakika 5 za kwanza zilitoka 150. Dakika 5 za pili zilitoka 300. Zilizobaki 250 zikaisha kabla ya saa 12:13. Sasa tazameni nani alipata nini: wa 1 hadi 150 walilipwa sawasawa, wa 151 hadi 300 mara mbili, wa 301 hadi kama 383 mara tatu, na waliobaki, watu wapatao 257, hawakupata hata senti. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila mtu hudhani kazi mbili zikigongana tatizo ni watu kulipwa zaidi, lakini pesa za ziada hazitoki hewani. Zilitoka mfukoni mwa aliye chini kwenye orodha.

Asubuhi mweka hazina, mzee wa heshima, alinipigia simu. "Kijana wangu, hii mashine yako ina watu inaowapenda?" Sikuwa na jibu. Ilichukua miezi miwili kukata zile pesa kwenye maziwa ya waliozidishiwa, na wengine mpaka leo wanaamini waliibiwa.

Basi nikafanya wanavyofanya wengi: nikaandika ile skripti ya `touch`. Nikalala nimetulia wiki tatu.

Ijumaa moja usiku stima ikapotea, katikati ya kazi. Ikarudi, seva ikawaka, `cron` ikaendelea na mzunguko wake. Lakini faili `malipo.lock` lilikuwa limebaki kwenye diski, maana mstari wa `rm` haukuwahi kufikiwa. Kila dakika 5 skripti iliamka, ikaliona faili, ikajua kuna mwenzake kazini, ikaondoka kimya. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Hakuna kosa, hakuna barua pepe, hakuna chochote kwenye logi. Jumanne akaja mama mmoja aliyekuwa ameomba pesa za dawa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Alikuwa amekopa kwa jirani kwa riba, na pesa zake mwenyewe zipo. Nikafuta lile faili kwa mkono, na mambo yakaenda. Nilijiona mjinga kuliko mara ya kwanza.

Sasa tuelewane ugonjwa uko wapi. Watu wakilikosoa faili la namna hii husema kuna upenyo kati ya kuangalia na kuandika: skripti mbili zinaweza kuangalia kwa pamoja, zote zikakuta hakuna faili, zote zikaingia. Ni kweli. Lakini nitasema ukweli ambao hausemwi: kwa kazi inayoanza kila dakika 5, upenyo huo ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde, na utauona zaidi pale mtu anapoendesha skripti kwa mkono sambamba na `cron`. Ugonjwa mkubwa ni ule wa pili. Faili halijui kama mwenyewe yuko hai.

Mmepanda matatu. Mtu anaweka leso kwenye kiti, anashuka kununua maji. Kila anayeingia anaiona leso, anasimama. Kama mwenye leso amepata gari lingine akaenda zake, kile kiti kitakaa kitupu mpaka mwisho wa safari huku watu wamening'inia mlangoni. Mnachotaka si leso. Mnataka mtu mwenyewe akalie kiti: akiinuka, kwa kupenda au kwa kuzimia, kiti kiko wazi na kila mtu anaona.

Najua mtakachosema. "Mimi natumia `mkdir`." Sawa, `mkdir` inaziba ule upenyo, kwa sababu kuangalia na kuunda ni tendo moja, na anayechelewa anapata kosa. Lakini folda nayo hubaki pale stima ikipotea. Ni leso ya kitambaa kizito zaidi.

"Mimi naweka `trap` ifute faili skripti ikifa." `trap` inasaidia ukibonyeza Ctrl-C. Haisaidii kwa `kill -9`, haisaidii kumbukumbu ikijaa na kerneli ikaamua kuua mchakato wako, na haisaidii stima ikipotea. Yaani haifanyi kazi hasa pale unapoihitaji.

"Mimi naandika namba ya mchakato ndani ya faili, kisha naangalia kama yuko hai." Hii ni bora kidogo, na programu nyingi za zamani ziliishi hivyo. Lakini namba za michakato hurudiwa. Kwenye Linux zina kikomo, zikikifikia zinaanza upya, na mashine ikiwaka upya zinaanza chini kabisa. Siku moja namba 812 iliyoandikwa kwenye faili lako itakuwa ya programu nyingine kabisa, na skripti yako itakaa ikimwogopa mgeni.

"Mimi nina jedwali lenye safu `inaendeshwa`, naweka 1 nikianza na 0 nikimaliza." Ndugu yangu, hiyo ni leso ile ile, umeihamishia kwenye hifadhidata tu.

Na kuna yule wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye bosi: "Si uongeze tu muda, iwe kila saa moja?" Muda mrefu unapunguza siku za kugongana, hauzuii. Kazi ya dakika 21 itakuwa ya dakika 70 siku ambayo mtandao wa simu utakuwa mzito, na siku hiyo ndiyo siku ambayo kila mtu anasubiri pesa.

Haya, tiba. Na kinachonikera ni kwamba tiba ni mstari mmoja, na tumekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20. Kwenye Linux kuna amri `flock`, iliyoandikwa na H. Peter Anvin, na ukifungua maelezo yake utakuta hakimiliki inaanzia 2003. Inakuja na furushi la `util-linux`, kwa hiyo karibu hakika iko tayari kwenye seva yako.

```
*/5 * * * * flock -n /opt/maziwa/malipo.lock php /opt/maziwa/lipa.php
```

Mnaona bado kuna faili. Lakini hapa kuwepo kwa faili hakumaanishi chochote. Linaweza kukaa pale miaka 10. Kufuli lenyewe liko ndani ya kerneli, limefungwa kwenye faili lililofunguliwa na mchakato ulio hai. Mchakato ukimaliza, ukianguka, au ukiuawa, kerneli inalifunga faili na kufuli linaachiliwa saa hiyo hiyo. Stima ikipotea, kumbukumbu yote inafutika na kufuli nalo. Hakuna wa kufagia nyuma. `-n` maana yake usingoje: ukikuta kufuli limeshikwa, toka.

Msiniamini kwa maneno. Fungueni madirisha mawili ya terminali. La kwanza:

```
flock -n /tmp/jaribio.lock sleep 60
```

La pili, kabla sekunde 60 hazijaisha:

```
flock -n /tmp/jaribio.lock echo nimeingia; echo $?
```

Utaona `1` peke yake. Sasa uwa ile `sleep` kwa `kill -9`, rudia amri ya pili, na utaona `nimeingia` na `0`. Fanya jaribio hilo hilo kwa skripti ya `touch` uone nani atabaki nje. Ukitaka kujua nani ameshika kufuli kwa sasa, andika `lslocks`.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. La kwanza, msilifute lile faili, hata kama linawakera macho. Mmoja akiwa ameshika kufuli la faili la zamani, wewe ukalifuta, anayefuata ataunda faili jipya lenye jina lile lile na kulifunga hilo. Sasa wawili wako ndani, kila mmoja na kufuli lake halali. Kwa sababu hiyo hiyo msiliweke `/tmp` kwenye kazi ya kweli, maana huko kuna programu zinazofagia mafaili ya zamani. La pili, kufuli hurithiwa na watoto wa mchakato. Hilo ni jema, kwa kuwa kazi ikiwa hai kufuli liko. Lakini skripti yako ikiwasha huduma inayobaki nyuma, huduma hiyo itashikilia kufuli siku zote. Kwa hali hiyo kuna `flock -o`, ambayo hailipitishi kwa watoto.

Sasa, je, kazi ikikwama isiife? Mtandao umening'inia, `lipa.php` inasubiri jibu lisilokuja. Kufuli limeshikwa kihalali, na zinazofuata zote zinaondoka kimya. Tumerudi kwenye Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kwa hiyo kufuli linahitaji wenzake wawili, ukomo wa muda na sauti:

```
*/5 * * * * flock -n -E 75 /opt/maziwa/malipo.lock timeout -k 30s 60m php /opt/maziwa/lipa.php || logger "malipo: $?"
```

`timeout` inaisimamisha kazi baada ya dakika 60, na isipokubali inaiua sekunde 30 baadaye. `-E 75` inampa aliyekosa kufuli namba yake mwenyewe, ili kwenye logi uweze kutofautisha: 75 ni "nimekuta mwenzangu", 124 ni "muda umekwisha". 75 mbili tatu siku ya malipo ni kawaida. 75 za saa nzima mfululizo, inuka kitini.

Wanaotumia taimeri za systemd watasema hawana shida hii, kwa kuwa systemd haianzishi huduma ambayo bado inaendelea. Ni kweli, kwenye mashine moja, kama kila mtu anaianzisha kupitia systemd. Atakayeendesha `php lipa.php` kwa mkono amepita dirishani.

Na hapo ndipo `flock` inapofikia mpaka wake: mashine moja. Chama kile baadaye kilinunua seva ya pili ya akiba, na mtu akainakili kila kitu, pamoja na `crontab`. Seva mbili, diski mbili, mafaili mawili ya kufuli. Kila moja ilijiona iko peke yake. Bahati nzuri tuligundua siku ya maombi machache. Kazi ikiweza kuanza kwenye mashine zaidi ya moja, kufuli lazima likae mahali ambapo zote zinapita, na mahali hapo kwa kawaida ni hifadhidata. Si kwa ile safu ya `inaendeshwa`. Kwa kufuli la hifadhidata yenyewe:

```
SELECT GET_LOCK('maziwa.malipo', 0);
```

Hiyo ni MySQL. Ikirudisha 1 umepata, 0 kuna mwenzako, NULL kuna kosa, nawe toka. PostgreSQL ina `pg_try_advisory_lock`, ambayo inataka namba badala ya jina, na aina hii ya makufuli iko tangu toleo 8.2 la mwaka 2006. Tabia ni ile ile ya kukalia kiti: kufuli ni la muunganisho, na muunganisho ukikatika linaachiliwa. Kwenye MySQL jina hilo linaonwa na hifadhidata zote za seva ile, kwa hiyo tanguliza jina la mradi wako.

Lakini tazameni tabia hiyo kwa upande wa pili. Muunganisho ukikatika katikati ya kazi, kufuli limekwenda na skripti yako bado iko hai. Kama maktaba unayotumia huunganisha tena kimyakimya, utaendelea kulipa watu bila kufuli. Kwa hiyo shika kufuli kwa muunganisho ule ule unaoandikia malipo, zima kujiunganisha tena, na muunganisho ukikatika skripti ife. Usitumie muunganisho wa kudumu wala wa kuazimana kwa kazi hii, maana hapo hujui kufuli limebaki kwa nani.

Na hata hayo yote hayatoshi panapohusika pesa, nami sitawadanganya. Kufuli linazuia wawili kuingia. Halimsaidii mmoja aliyekufa baada ya kutuma pesa na kabla ya kuandika "imelipwa". Akizaliwa upya atamlipa mtu yule tena, peke yake, kufuli likiwa mkononi. Dawa ni kuandika kwanza, kutuma baadaye, na kuiachia hifadhidata ikatae marudio:

```
ALTER TABLE malipo ADD UNIQUE (ombi_id);
```

Kila ombi lina namba yake. Skripti inaandika mstari wenye `ombi_id` na hali "inatumwa", kisha ndipo inatuma. Mstari ukikataliwa, kuna aliyekwisha kulishika ombi hilo, pita. Mistari iliyobaki "inatumwa" baada ya ajali isirudiwe na mashine. Iulizwe kwanza kwa mtandao wa malipo kama pesa zilifika, kwa namba ya kumbukumbu. Ningekuwa na mstari huo mmoja ile jioni ya kwanza, zile kazi tatu zingegombana mlangoni zenyewe kwa zenyewe, na wale 257 wangelala na pesa zao.

Mtaniuliza, kama ni hivyo kufuli la nini tena? Kwa sababu mstari huo unalinda malipo peke yake. Haulindi faili la ripoti linaloandikwa na wawili, wala esemesi zinazotumwa mara tatu, wala seva inayozama kwa kubeba kazi tano za aina moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kufuli ni la kuweka fahali mmoja zizini. Ule mstari ni wa kuhakikisha hata akiingia wa pili, hapati cha kuvunja.

Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mistari yake sita akaandika mmoja. Kisha akaniuliza kwa nini mafunzo mengi bado yanaonyesha `touch`. Nikamwambia ni kwa sababu hufanya kazi siku unapoijaribu. Stima haipotei ukiwa unajaribu.

Haya, nimemaliza kufoka. Wenye skripti za `touch` kwenye seva zao wanajijua. Andikeni `crontab -l` usiku huu kabla ya kulala.